Sufuria inayozunguka ku resho: inaweza kunyooshwa?

Mu nyumba zenye kupikia na makala, hakuna mutu anayejali sana kama kitako cha sufuria kimepinda. Mbabula inaipokea vile iko, makala yanajipanga chini yake, na bukari inaiva. Lakini kisha jamaa kuhamia mu nyumba yenye umeme na kuweka sufuria ile ile juu ya resho ya plaki, mambo yanabadilika. Unashika mwiko, unakoroga mara moja, na sufuria yote inazunguka pamoja na mwiko. Mukono wake ulikuwa unaangalia ukuta, sasa unaangalia kwenye mutoto anapita.

Hapo njo kuna hatari. Mafuta ya moto yakimwangika, hayarudi. Na hata kama hakuna mutu anaungua, kuna hasara ingine: sufuria ya namna hiyo inasimama juu ya kipande kidogo cha katikati tu, pembeni yote inaelea. Plaki inatoa moto, lakini moto hauingii vizuri mu chakula. Kwetu delestaji inakuja bila kupiga hodi, na dakika kumi za bure juu ya plaki zinaweza kufanya maharagi yalale mabichi.

Bamama bengi banatuuliza: tuitupe, ao inaweza kunyooka? Jibu letu: sufuria ya bati la aliminyomu, isiyopakwa dawa ndani, inaweza kunyooka. Zingine hapana. Na ile yenye kunyooka, nyundo ya chuma njo inaiharibu zaidi.

Kwanza tujue ni nini kimepinda

Mbele ya kulaumu sufuria, angalia resho. Plaki nayo inapinda na kuzeeka. Weka sufuria juu ya karo iliyo sawa, ao juu ya kioo cha meza, na uisukume mukono kwa kidole. Kama inazunguka na pale pia, kosa ni la sufuria. Kama inatulia, kosa ni la resho.

Kiisha geuza sufuria, kitako kiangalie juu, na ulaze rula juu yake kupita katikati. Elekeza macho kwenye mwangaza. Kama mwangaza unapita chini ya rula ku pande mbili za pembeni, kitako kimetoka inje kama tumbo. Hiyo njo inazunguka. Kama mwangaza unapita katikati, kitako kimeingia ndani. Hiyo haizunguki, inasimama juu ya duara la pembeni, na kama ni kidogo tu, hapana kuigusa. Batengenezaji bengi banakiingiza kitako ndani kidogo kwa makusudi, juu banajua kitashuka kikipata moto.

Kupima ukubwa wa tumbo, tumia kadi ya banki. Unene wake ni karibu milimita 0.8. Shikilia rula isilale upande mumoja, na uingize kadi pembeni chini yake. Kadi moja ikiingia kwa shida, ni kazi ndogo. Kadi mbili ao tatu, ni kazi ya kufanya kwa uvumilivu. Ikipita kadi tano, bati limevutwa sana na litakuwa linarudi kila mara.

Juu ya nini inatoka inje?

Aliminyomu inapanuka sana ikipata moto. Kitako cha sentimita 24, moto wake ukipanda digri 200, kinataka kuongezeka karibu milimita 1 ku upana. Lakini ukuta wa sufuria uko baridi kuliko kitako, na unakifunga pande zote kama pete. Bati linakosa njia ya kwenda pembeni, basi linatafuta njia ya juu ao ya chini. Na juu uso wa chini njo unaoungua zaidi kuliko uso wa ndani, linachagua kwenda chini.

Sasa mwanga maji baridi ndani ya sufuria hiyo yenye moto. Uso wa ndani unajikunja mara moja, uso wa chini ungali umepanuka. Tumbo linavutwa zaidi upande wa inje, na bati linapita kipimo chake cha kurudi. Hata likipoa, linabaki vile. Kuacha sufuria tupu juu ya plaki yenye moto wote, kiisha kuipeleka mbio chini ya robine: hii njo njia fupi ya kupindisha kitako.

Zile hapana kupiga

Sufuria ya kuyeyushwa, ile bafundi banamwanga mu udongo na vyuma vya zamani, iko nene na ngozi yake iko na chembe-chembe. Ukiipiga itapasuka, kama si leo ni siku ya kuipasha moto. Hiyo, kama iko na tumbo dogo, inaweza kusuguliwa: laza msasa juu ya karo iliyo sawa, sugua kitako kwa kuzungusha mupaka rula ikubali, na uioshe vizuri mbele ya kupika. Hapana kufanya hivi na sufuria ya bati, juu utamaliza unene wake na kuitoboa.

Sufuria yenye kupakwa dawa nyeusi ya kuzuia chakula kushikamana, nyundo inapasua dawa hiyo, na moto mukali unaifanya itoe moshi mubaya kwa mapafu. Sufuria yenye kitako cha bamba mbili zilizoshikanishwa, nayo hapana: ukipiga, bamba zinaachana.

Kazi yenyewe

Tuchukue sufuria moja tuliyoona ikinyooshwa mu kambi yetu. Ilikuwa ya bati, ya mukono, haina dawa ndani, kitako sentimita 24. Rula ilionyesha kadi tatu ku kila upande, ni kusema zaidi kidogo ya milimita 2.

Fundi alianza na kutafuta kisiki cha muti mugumu, kimekatwa sawa juu, upana wake mudogo kidogo kuliko kitako, na urefu wake kupita ukuta wa sufuria. Urefu huo njo siri ya kwanza: ukigeuza sufuria juu ya kisiki, kitako kinalala juu ya muti na mudomo wa sufuria haugusi chini. Kama mudomo unagusa, kila pigo litapindisha ukuta. Kiisha akachimba uso wa kisiki katikati kidogo, kina cha kadi tatu ao ine, ili bati lipate pa kuingia. Asiyekuwa na cha kuchimbia anaweza kuzungusha kipande cha mupira wa velo pembeni ya kisiki. Itafanya kazi ile ile.

Akageuza sufuria juu ya kisiki, akalaza ubao mudogo ulio sawa juu ya tumbo, na akapiga ubao huo, hapana sufuria. Hapa njo siri ya pili. Bati likishikwa kati ya chuma na chuma, kila pigo linalifanya liwe jembamba na pana zaidi, kama vile fundi anavyopanua jembe. Tumbo tayari liko na bati mingi kuliko nafasi yake. Ukiongeza ingine, itakwenda wapi? Itapanda juu tu. Njo maana wengi banapiga na nyundo saa nzima na tumbo linakomaa. Muti kwa muti unasukuma bati bila kulivuta.

Alianza pembeni ya tumbo, akazunguka kidogo-kidogo kuelekea katikati, mapigo ya kadiri, hapana ya hasira. Kila kisha mapigo kumi aliweka rula. Kisha raundi tatu, mwangaza ulipotea pande zote. Bengi bangesimamia pale na kushangilia. Yeye alijaza maji litre moja, akaiweka ku resho mupaka ikachemuka, na akaisukuma mukono: ikazunguka tena, polepole. Ikiwa baridi ilikuwa sawa, ikiwa moto tumbo lilirudi.

Kwa hiyo alirudi ku kisiki na kupiga katikati mupaka kitako kikaingia ndani kadi moja. Akachemusha tena. Mara hii sufuria ilitulia ku plaki, hata kwa kukoroga. Kitako kilishuka kwa moto na kukutana na plaki. Hii njo kipimo cha kukumbuka: hapana kutafuta kitako kilicho sawa kabisa kikiwa baridi. Acha mwangaza mudogo katikati, wa kadi moja.

Kama inarudi kila mara

Kuna bati linaloruka tu: unalisukuma ndani, linalia “ko!”, unaliachilia, linatoka tena. Hilo limekuwa gumu na limevutika. Fundi mwenye foji anaweza kulilegeza kwa moto. Anasugua sabuni kavu juu ya kitako, anakipasha sawa-sawa pande zote, na sabuni ikigeuka rangi ya kahawia nyeusi anatoa moto na kuacha kipoe chenyewe. Sabuni inatumika juu aliminyomu haionyeshi. Sisi watu wa shaba tumezoea kuona metali ikiwa nyekundu mbele ya kuyeyuka ku digri 1085. Aliminyomu inayeyuka ku digri 660, na mu mwangaza wa mchana hauoni rangi yoyote: dakika moja iko sufuria, ingine iko maji. Kazi hiyo ifanyike inje, na fundi anayeijua, mukono wa plastiki ukiwa umetolewa. Kisha kulegezwa, bati linanyooka upesi, lakini litapinda upesi pia likigongwa.

Kama lilikwisha kulegezwa mara moja na tumbo limerudi, ama unaona mupasuko pembeni ya kitako, ama misumari ya mukono inacheza, hapana kulipa fundi mara ya pili. Sufuria hiyo irudishwe ku mbabula. Pale makala yataishika bila shida, na itapika miaka ingine. Mupasuko ukivuja, mununuzi wa mabati ya zamani anaipokea kwa kilo.

Na ile iliyonyooka, iwekewe chakula ao maji mbele ya kuwasha plaki, ipandishwe moto polepole, na ikitoka ku resho ipoe kwanza, kiisha njo iende ku robine.