Ndoto ya Kumpenda Mfanyakazi Mwenzio

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mwalimu wa Ruangwa, mke wa mtu, ambaye mumewe yumo safarini msimu mzima wa ufuta. Usiku mmoja aota amempenda ghafla mwalimu mwenziwe, ambaye mchana hamwazii kabisa. Aamka na haya, akijiuliza kama amemfanyia mumewe hiana.

La, hakufanya. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Tena katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ndoto zimegawanywa mafungu matatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu huizungumzia nafsi yake. Ndoto hii yaelekea kuwa ya fungu la tatu.

Basi mwalimu wetu na akumbuke yule mtu alifanya nini ndotoni. Alimsikiliza bila haraka, akamshukuru kwa kazi yake. Hapo ndipo penye siri: nafsi ina kiu ya kusikilizwa, nayo imeazima sura iliyo karibu. Kiu hiyo amweleze mumewe, hata kwa simu.

Ndoto yenyewe asimsimulie mwenziwe kazini, kwani maneno hufungua mlango ambao usingizi haukuufungua. Lakini akijikuta mchana anamtafuta kwa macho, ajue hiyo si ndoto tena. Macho ya mchana yana hesabu yake; ayainamishe, na ajiepushe kukaa naye faraghani.