Mpinzani Anapopewa Nafasi Kwenye Insha ya Falsafa

Mwaka 1971 wakimbizi kutoka Bengali ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, walikuwa wakimiminika India kwa mamilioni. Peter Singer, kijana wa Kiaustralia aliyekuwa akifundisha falsafa Oxford, aliandika makala kuhusu njaa ile, na mwaka uliofuata ikachapishwa. Hoja yake inaeleweka upesi. Ukipita kando ya bwawa lenye kina kifupi ukamwona mtoto anazama, unapaswa kuingia umtoe, hata kama nguo zako zitajaa matope. Kwa Singer, mtu anayekufa njaa nchi ya mbali anatudai hivyo hivyo.

Makala hiyo husomwa sana na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa falsafa, na ni mahali pazuri pa kujifunzia sehemu ya insha inayowashinda wengi: ile ambayo mwandishi analeta pingamizi dhidi ya hoja anayoitetea, kisha analijibu. Karatasi za maelekezo zinazogawiwa kwenye semina hudai sehemu hiyo iwepo, na wanafunzi huiweka. Tatizo ni namna wanavyoiweka. Aya huanza na “wengine wanaweza kusema kwamba…”, hufuata sentensi mbili dhaifu za mpinzani, kisha moja ya kumfukuza. Msomaji akifika mwisho wa aya, hoja iko vilevile ilivyokuwa kabla.

Dawa inaanzia mbali kidogo, kwenye hoja yenyewe. Kabla ya kuandika neno lolote la pingamizi, mwanafunzi aipange hoja kauli kwa kauli. Ya Singer, kwa ufupi, inakwenda hivi. Kauli ya kwanza: mateso na vifo vinavyosababishwa na kukosa chakula, makazi na matibabu ni jambo baya. Kauli ya pili: tukiwa na uwezo wa kuzuia jambo baya lisitokee, bila kupoteza kitu chenye uzito wa kimaadili unaolingana nalo, tunapaswa kulizuia. Kauli ya tatu: wenye nacho wanaweza kuzuia mateso hayo kwa kutoa fedha. Hitimisho: wanapaswa kutoa, tena kwa kiasi kikubwa kuliko walivyozoea.

Sasa chukua pingamizi linaloandikwa mara nyingi: “Lakini binadamu ni mbinafsi kwa asili, hatatoa.” Linagusa kauli ipi? Singer hajasema watu watatoa. Amesema wanapaswa kutoa. Mtu anaweza kukubali kwamba wengi ni wabinafsi na bado akakubali kauli zote tatu. Pingamizi la namna hiyo linalikataa hitimisho bila kugusa njia iliyotufikisha hapo, na ndiyo maana halizai jibu lolote la maana. Kipimo chake ni chepesi: mwandishi aweze kutaja ni kauli gani mpinzani anaikataa. Asipoweza, bado hajapata pingamizi.

Linganisha na lile ambalo Singer mwenyewe alilileta ndani ya makala yake. Tuseme kila mtu mwenye hali kama yangu angetoa pauni 5 kwa mfuko wa kuwasaidia wakimbizi wa Bengali. Fedha zingetosha kuwapa chakula, makazi na matibabu. Hakuna sababu ya mimi kutoa zaidi ya mwenzangu ambaye hali yetu ni moja. Basi wajibu wangu unaishia kwenye pauni 5. Pingamizi hili lina anwani: linaigonga kauli ya pili, ambayo haisemi lolote kuhusu idadi ya watu wengine wanaoweza kusaidia. Na linavutia, kwa sababu kila hatua yake inaonekana ya haki.

Jibu la Singer linafaa kusomwa polepole. Hatua ya kwanza ya pingamizi imejengwa juu ya “kama”: kama kila mtu angetoa. Hitimisho lake limeidondosha hiyo “kama” njiani. Kinachotoka kwa haki ni hiki tu: kama kila mtu angetoa pauni 5, nami nisingelazimika kutoa zaidi ya hapo. Lakini si wote wanaotoa. Tuweke tarakimu za mfano: mahitaji ni pauni 5,000, wenye uwezo ni watu 1,000, waliotoa ni 100. Mkononi zipo pauni 500, na watu wale bado wana njaa. Singer hamkatalii mpinzani hesabu yake, wala hamwiti mchoyo. Anamwonyesha mahali hasa hoja yake inapokatika.

Jibu hilo lilimaliza toleo moja la pingamizi, halikumaliza wazo lililo nyuma yake. Mpinzani aliyejeruhiwa anaweza kurudi na kusema: sawa, fedha hazitoshi, lakini kwa nini pengo lililoachwa na wengine nilizibe mimi? Hapa ndipo insha ya mwanafunzi inaweza kuingia, kwa sababu sasa kuna jambo la kweli la kubishania. Aya za mfano hapa chini zinaonyesha sehemu hiyo inavyoweza kuandikwa.

“Mpinzani anaweza kuikataa kauli ya pili hivi. Wajibu wa kusaidia ni mzigo wa wote, na mzigo wa wote hugawanywa. Kila mtu akishatoa fungu lake amemaliza. Jirani yangu asipotoa lake, kosa ni la jirani; kunitwisha mimi fungu hilo ni kuniadhibu kwa uzembe wa mwingine. Liam Murphy ametetea msimamo wa aina hii. Una nguvu, kwa sababu tunaufuata katika mambo mengi: kwenye mchango wa harusi, aliyetimiza ahadi yake halazimiki kulipa na ya aliyekimbia.

“Hata hivyo, pingamizi hili linachanganya maswali mawili: nani ametendewa isivyo haki, na nini kifanyike sasa. Chukua watoto wawili wanaozama na wapita njia wawili. Fungu la kila mmoja ni mtoto mmoja. Mimi namtoa wa kwanza; mwenzangu anaondoka. Mtoto wa pili yuko hatua tatu kutoka niliposimama. Mpinzani yuko sahihi kwamba mwenzangu amenionea kwa kuniachia kazi yake. Hilo linanipa haki ya kumlaumu yeye, lakini halinipi ruhusa ya kumwacha mtoto, ambaye hajamwonea yeyote. Mfano wa harusi hausaidii, maana pale pengo la mchango likibaki, kinachopungua ni sherehe, si uhai wa mtu. Jibu langu lina mpaka: linaonyesha kwamba fungu langu si kikomo cha wajibu wangu, lakini halionyeshi kikomo hicho kiko wapi. Naweza kutetea kwamba tunapaswa kutoa zaidi ya fungu letu. Sijaonyesha kwamba tunapaswa kutoa hadi tubaki na mahitaji ya lazima tu.”

Katika aya ya kwanza mwandishi hajamwingilia mpinzani hata mara moja. Mtu anayekubaliana na Murphy angeisoma akasema, naam, hivyo ndivyo ninavyofikiri, na hapo ndipo pa kujua kama pingamizi limetendewa haki. Limetajwa kwa kauli linayoigonga, limepewa sababu yake, kisha likapewa mfano unaoliongezea nguvu. Mwandishi dhaifu angeuficha mfano wa harusi, kwa kuwa unamsumbua. Huyu ameuleta mwenyewe, na kwa hiyo amelazimika kuujibu.

Sauti nazo zimetenganishwa. “Mpinzani anaweza kuikataa” inafungua zamu ya mmoja. “Hata hivyo” inafungua zamu ya mwingine. Walimu wanaosahihisha insha hukutana mara nyingi na aya ambayo haijulikani anayesema ni nani: sentensi ya tatu inamtetea Singer, ya nne inampinga, ya tano inauliza swali bila kujibu. Msomaji hawezi kusema mwandishi anaamini nini, na kosa hilo hurekebishwa kwa maneno machache tu ya kuonyesha zamu ni ya nani.

Jibu nalo limeepuka mtego mkubwa kuliko yote, wa kurudia hoja kwa sauti ya juu zaidi. Mwanafunzi aliyebanwa na pingamizi la fungu hupenda kuandika: “Lakini uhai wa binadamu ni muhimu kuliko fedha.” Hayo ni maudhui ya kauli ya kwanza, na mpinzani ameshayakubali. Ugomvi wake ni juu ya mgawanyo wa mzigo. Jibu la kweli huleta kitu ambacho hakikuwepo mezani kabla. Hapa ni tofauti kati ya kumlaumu aliyekimbia na kumwacha mtoto azame.

Kwa insha ya maneno 1,500, pingamizi moja lililoshughulikiwa hivi linaweza kuchukua maneno 300 hadi 400, na linatosha. Kurundika matano, kila moja na sentensi yake, huonyesha tu kwamba hakuna lililofikiriwa hadi mwisho.

Pingamizi lingine linaweza kuanzia Nairobi. Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika kuhusu falsafa ya misaada ya nje mwaka 1989. Alidai kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha maisha: usalama wa mwili, afya na riziki. Mwanafunzi anaweza kutoka hapo akaugeukia mfano wa bwawa wenyewe: mpita njia amemkuta tu mtoto, kumbe mwenye haki anadai kilicho chake. Lakini hapa pana hatari. Wengine huandika kwamba Singer anaona msaada kuwa ni hisani tu, ilhali makala yake inakataa waziwazi kuuita hivyo. Kwake kutoa ni wajibu. Pingamizi linalomsingizia mwandishi maneno hufa mwalimu anapofungua makala, hata kama wazo lililo nyuma yake lilikuwa zuri.

Desturi ya kuwapa wapinzani nafasi ni ya zamani. Mtawa Gaunilo alipoipinga hoja ya Anselm kuhusu kuwepo kwa Mungu, katika karne ya 11, Anselm aliandika jibu na kutaka pingamizi na jibu vinakiliwe pamoja na kitabu chake. Descartes naye alichapisha Tafakuri zake mwaka 1641 zikiwa na mapingamizi ya wasomi wengine, akiwemo Hobbes, na majibu yake kwa kila mmoja.

Na likitokea pingamizi lisilojibika? Mwandishi apunguze dai. Singer alitoa kanuni yake kwa viwango viwili. Cha juu ndicho kile cha kauli ya pili. Cha chini kinatutaka tuzuie jambo baya pale tu ambapo hatupotezi chochote chenye uzito wa kimaadili. Yeye mwenyewe aliona cha juu ndicho sahihi, lakini alionyesha kwamba hata anayekikataa atalazimika kubadili sana maisha yake. Mwanafunzi wa aya zetu amefanya jambo linalofanana: ameanza akitetea kutoa bila kikomo kinachojulikana, akaishia kutetea kutoa zaidi ya fungu. Kwa hiyo kazi yake haijaisha. Inambidi arudi ukurasa wa kwanza, kwenye sentensi inayotangaza dai la insha, aiandike upya ili isiahidi kile ambacho ukurasa wa nne umekiondoa.