Pesa Inapoliwa Ghafla, Tangazo Linapotoweka

Bajeti ya siku katika Google Ads ni wastani tu. Mfumo unaweza kutumia hadi mara mbili yake kwa siku moja, mradi jumla ya mwezi isizidi bajeti hiyo mara 30.4. Mwenye bajeti ya shilingi 20,000 akikuta 38,000 zimekwenda Jumanne, pengine hakuna kilichoharibika. Matumizi yakibaki juu siku kadhaa mfululizo, hapo ndipo pa kuchunguza, na pa kuanzia ni ukurasa wa Change history. Huonyesha nani alibadilisha nini na lini, yakiwemo mapendekezo ambayo Google huyatekeleza yenyewe pale mwenye akaunti alipoyaruhusu.

Ukurasa huo usipoonyesha kitu, mara nyingi kosa liko kwenye tovuti. Tuseme kampuni ya utalii ya Arusha ina bajeti ya shilingi 100,000 kwa siku, lakini hutumia kama 40,000 na kupata maombi manne ya safari. Imeuagiza mfumo, kwa mbinu ya Target CPA, kulenga shilingi 10,000 kwa kila ombi. Fundi anaijenga upya tovuti na kuweka msimbo wa kuhesabu maombi mara mbili bila kujua. Sasa maombi manne yanahesabiwa manane, na kila moja linaonekana kugharimu 5,000. Mfumo unaona nafasi ya kupandisha dau kwenye mnada, na matumizi yanakaribia 100,000. Ripoti inapendeza, na hilo ndilo baya lake. Ni barua pepe za kampuni zinazoonyesha kuwa maombi ya kweli ni nusu tu.

Fundi huyohuyo angeusahau msimbo kabisa, mambo yangekwenda kinyume. Mfumo ungeona watu wanabofya bila kuomba chochote, ungeshusha dau, na tangazo lingefifia kwa siku kadhaa.

Kasi hiyo ya kushuka ni dalili muhimu. Tangazo lililokuwa likionekana mpaka saa nne asubuhi kisha likakatika kabisa halikushushiwa dau, limezuiwa. Kadi ya benki imekataliwa, tarehe ya mwisho ya kampeni imepita, akaunti imesimamishwa, au tovuti haifunguki na tangazo limeandikiwa Destination not working. Malipo yaangaliwe kwanza, kisha hali ya kila tangazo. Kujitafuta Google mara kwa mara hakusaidii, kwani huongeza maonyesho yasiyobofywa. Chombo cha Ad Preview and Diagnosis hueleza sababu bila kugusa takwimu.

Msimbo ukisharekebishwa, lengo la 10,000 liachwe lilivyo. Siku zenye hesabu mbovu huwekwa kwenye Data exclusions, ili mfumo usizitumie kupanga dau.