Weber, Waprotestanti na Jedwali Lililozidi Mia

Mwanafunzi wa historia ya uchumi akiulizwa kwa nini ubepari wa kisasa ulikomaa kwanza kaskazini-magharibi mwa Ulaya, jina la Max Weber halikosi kutokea katika ukurasa wa kwanza. Aya moja itasema Waprotestanti walikuwa wachapakazi na wabana matumizi, ndiyo maana wakatajirika. Ya pili itasema Venisi na Florensi zilikuwa na mabenki kabla ya Luther, kwa hiyo Weber kakosea. Insha imekwisha, na hoja ya Weber mwenyewe haijaguswa.

Weber aliichapisha hoja hiyo mwaka 1904 na 1905, kisha akairekebisha 1920. Hakudai kwamba Matengenezo ya Kanisa yaliuzaa ubepari. Wazo hilo alilikana waziwazi. Tamaa ya mali, alisema, imekuwapo kila mahali, na alimtaja Jakob Fugger, tajiri Mkatoliki wa Augsburg. Alichotaka kueleza ni tabia ngeni zaidi: mtu kuchapa kazi, kupiga hesabu, kuirudisha faida kwenye biashara badala ya kuifaidi, na kuyaona hayo yote kuwa wajibu. Chanzo chake alikiona hasa kwa wafuasi wa Calvin, waliofundishwa kuwa Mungu ameshaamua nani ataokoka na hakuna sala itakayobadili uamuzi huo. Muumini alibaki akijiuliza kama naye yumo. Wachungaji walimhimiza asiwe na shaka, afanye kazi kwa bidii. Taratibu mafanikio yakaanza kusomwa kama dalili ya wokovu. Anasa nayo ilikuwa dhambi, basi fedha ikarudi kuwa mtaji.

Kwa hiyo mabenki ya Florensi hayamwangushi Weber. Pigo lenye uzito linatoka kwingine, kwenye takwimu alizoanzia.

Alianza na jimbo la Baden, kusini mwa Ujerumani, akitumia utafiti wa mwanafunzi wake Martin Offenbacher. Mwaka 1895 Waprotestanti walikuwa asilimia 37 ya wakazi wa Baden. Lakini katika aina moja ya sekondari, iliyokazia sayansi na lugha za kisasa, jedwali liliwapa asilimia 69 ya wanafunzi, Wakatoliki 31 na Wayahudi 9. Jumlisha: 109. Mwanauchumi wa Uswidi, Kurt Samuelsson, aliligundua kosa hilo katika kitabu chake cha 1957. Tarakimu sahihi ni 59. Weber aliinakili 69 bila kuijumlisha, na wasomi waliomfuata wakaipokea kwa nusu karne.

Samuelsson hakuishia kwenye kosa la hesabu, na hapo ndipo insha inapaswa kukaa. Shule hizo zilikuwa zaidi katika wilaya zenye Waprotestanti wengi. Ukiwalinganisha wanafunzi na wakazi wa wilaya zenye shule, badala ya jimbo zima, sehemu kubwa ya pengo inatoweka. Kilichoonekana kuwa nguvu ya dini kinaweza kuwa ni umbali wa kutoka nyumbani hadi shuleni.

Hoja ya shule ikarudi kwa sura nyingine mwaka 2009. Sascha Becker na Ludger Woessmann walichambua wilaya za Prusia za karne ya 19. Waliona kweli wilaya za Kiprotestanti zilikuwa na hali bora kiuchumi, ila pia zilikuwa na watu wengi zaidi wanaojua kusoma, kwani Luther alitaka kila Mkristo ajisomee Biblia. Walipoiondoa tofauti ya kusoma, tofauti ya kipato karibu yote ilikwenda nayo. Mwaka 2015 Davide Cantoni alichunguza miji 272 ya nchi za Kijerumani kati ya 1300 na 1900, akipima ukuaji kwa idadi ya wakazi. Hakuona Uprotestanti ukiikuza miji kuliko Ukatoliki.

Wengi hufunga faili hapo, na wanakosea. Waprotestanti wa Prusia wengi walikuwa wa mapokeo ya Kilutheri, na Weber mwenyewe aliwaona Walutheri kuwa wamebaki na mtazamo wa kale wa kazi. Pia idadi ya wakazi wa mji haipimi moyo wa mfanyabiashara. Tafiti hizi zinaiangusha hoja pana kwamba Uprotestanti huleta utajiri. Ile finyu, ya hofu ya Mkalvini na nidhamu yake, hazikuipima.

Basi unapoandika, taja kwanza ni dai lipi la Weber unalolijadili, halafu chagua ushahidi unaolipima dai hilo hilo. Uamuzi wangu: hoja pana imeshindwa, jedwali la Baden halifai kutumiwa kama ushahidi, na hoja finyu haijathibitishwa wala kukanushwa. Insha inayosema hivyo na kuonyesha sababu inastahili alama za juu kuliko ile inayomtetea Weber mwanzo mwisho, au kumzika.