Je, Wajua? Kiwakilishi Kisichofutwa Ovyo

Kiwakilishi kidogo kinachobaki ndani ya kishazi rejeshi cha Kiarabu ndicho kinachomwonyesha mfasiri namna ya kuijenga sentensi ya Kiingereza. Wengi husema kifutwe tu, na katika "alkitabu alladhi karaatuhu" ushauri huo unatosha: "hu" ni kile kitabu kilichosomwa, nayo ikiondoka hubaki "the book I read". Lakini chukua "arrajulu alladhi safara ibnuhu", mtu ambaye mwanawe alisafiri. Hapa "hu" ndiye mzazi. Ukiifuta, hatujui tena mwana ni wa nani. Ukiitafsiri neno kwa neno, unapata "the man who his son travelled", kosa lisiloshtua sana sikio la Mswahili, maana kwetu "ambaye mwanawe" ni sahihi kabisa. Kiingereza huuhamishia umiliki mwanzoni mwa kishazi: "the man whose son travelled".

Utapinga ukisema kwamba Waingereza nao, wakizungumza, hukibakiza kiwakilishi kama hicho. Ni kweli, hasa kishazi kikirefuka na kujikunja. Ila katika maandishi rasmi kinaonekana kasoro, na hapo ni afadhali kuikata sentensi iwe mbili.