Wakala aliye ndani ya mashine pepe

Kwenye Proxmox, seva mwenyeji huona diski na kumbukumbu ya mashine pepe, lakini haijui kinachoendelea ndani. Pengo hilo huzibwa na programu ndogo, `qemu-guest-agent`.

Tuseme mashine namba 101 inatumia Debian. Msimamizi huisakinisha programu hiyo humo, kisha huandika kwenye mwenyeji:

```
qm set 101 --agent enabled=1
```

Baada ya hapo mashine izimwe kabisa, ndipo iwashwe. Kuianzisha upya kutoka ndani hakutoshi, na wengi hukwama hapo. Ikikubali, anwani zake za IP hujitokeza kwenye ukurasa wake.

Uhondo wenyewe huja wakati wa nakala rudufu. Wakala huagiza data iliyobaki kwenye kumbukumbu iandikwe diskini, kisha husimamisha uandishi kwa muda mfupi hadi nakala ianze. Hifadhidata, hata hivyo, haiarifiwi: ikirejeshwa, hujirekebisha kama iliyokatikiwa umeme, isipokuwa kama kuna skripti iliyoiandaa mapema.

Kuzima nako hupitia kwa wakala. Akiwa ameruhusiwa kwenye mipangilio lakini hafanyi kazi, amri ya kuzima huweza kungoja bure hadi muda wake uishe.