Mabomba Mawili Yanajaza, Moja Linatoa

Siku hizi swali la hesabu husafiri kwa simu. Mtoto hupiga picha ukurasa wa kitabu, akamtumia mjomba au dada aliye mbali, kisha akasubiri jibu. Mojawapo ya maswali yanayotumwa sana ni hili: tangi lina mabomba matatu, bomba A hulijaza kwa saa 3, bomba B hulijaza kwa saa 4, na bomba C humaliza maji ya tangi lililojaa kwa saa 6. Tangi likiwa tupu na mabomba yote yakafunguliwa pamoja, litajaa baada ya muda gani?

Anayepokea picha aikague kwanza. Kivuli cha mkono hugeuza 3 ikaonekana 8, na ukingo wa picha ukikata nusu ya mstari wa mwisho, bomba C linaweza kusomwa kama bomba jingine la kujaza. Hapo hesabu itakwenda vizuri kabisa na kuleta saa 1 na dakika 20, jibu la swali lingine. Neno linaloeleza kazi ya kila bomba lina uzito sawa na tarakimu zake, kwa hiyo likifichika ni afadhali kuomba picha nyingine.

Kosa linalowanasa wengi ni kujumlisha saa zenyewe: 3 na 4 ni 7, toa 6, inabaki saa 1. Lakini saa hazijumlishiki hapa. Ukiongeza bomba la kujaza, muda unatakiwa upungue, na kujumlisha hufanya muda uongezeke. Kinachojumlishika ni kazi inayofanyika ndani ya saa moja.

Tuseme tangi linabeba lita 1,200. Nimechagua kiasi hicho kwa sababu kinagawanyika kwa 3, kwa 4 na kwa 6 bila baki. Kwa saa moja bomba A huingiza lita 400 na bomba B lita 300, huku bomba C likitoa lita 200. Kwa hiyo kila saa inayopita, tangi linabakiwa na lita 500 zaidi. Gawanya 1,200 kwa 500, unapata 2.4.

Kitabu hakitaji lita, wala hakina haja nazo. Bomba A hujaza theluthi ya tangi kwa saa, B hujaza robo, C hutoa sehemu moja ya sita. Asili ya pamoja ni 12:

1/3 + 1/4 − 1/6 = 4/12 + 3/12 − 2/12 = 5/12

Sehemu tano za kumi na mbili hujaa kila saa, basi tangi zima linahitaji saa 12/5, yaani 2.4. Mtego wa mwisho uko hapa: 0.4 ya saa ni dakika 24, si dakika 40. Jibu ni saa 2 na dakika 24.

Jibu hili lina mipaka inayoweza kupimwa hata na mtu asiyekumbuka sehemu. A na B peke yao, koki ya C ikiwa imefungwa, hujaza 7/12 kwa saa, hivyo humaliza kwa saa 1 na takriban dakika 43. C ikifunguliwa, haiwezekani tangi lijae mapema zaidi ya hapo. Ile saa 1 ya kujumlisha saa inaanguka papo hapo.

Swali hili ni la kale. Bhaskara wa India, katika Lilavati ya mwaka 1150, aliuliza kuhusu chemchemi nne zinazojaza hodhi, na njia yake ndiyo hii hii ya kutafuta kila moja inafanya nini kwa muda mmoja.

Lakini tangi la kweli lina tabia ambayo swali huinyamazia. Maji hutoka kwenye tundu la chini kwa kasi inayotegemea kina chake, jambo alilolieleza Torricelli, Mwitalia wa karne ya 17. Tangi lenye kuta wima linalomaliza maji kwa saa 6 huanza kwa kutoa theluthi kwa saa likiwa limejaa, mara mbili ya wastani, kisha hupungua kadiri kina kinavyoshuka. Lakini sisi tunajaza, kwa hiyo kina kinapanda na C inazidi kuvuta. Nikikokotoa kwa kanuni hiyo, A na B zikiingiza maji kwa kasi ileile, tangi hujaa baada ya saa 2 na dakika 54 hivi, nusu saa nzima kuliko jibu la kitabuni. Mtunzi makini huongeza maneno machache, kwamba kila bomba hupitisha maji kwa kasi isiyobadilika, na kwa maneno hayo saa 2 na dakika 24 inakuwa sahihi.